Sukari 10.3 baada ya futari: nilivyousoma mchoro wa mtu asiye na kisukari

Katikati ya Ramadhani, baada ya tarawehe, niliingia kwenye simu nikakuta picha ya mchoro wenye mlima mmoja mkali. Aliyeituma ni mwalimu wa sekondari hapa Unguja, mwenye miaka 39, mwembamba, na kwao hakuna mwenye kisukari. Kaka yake anayeishi Maskati alimletea kile kipimo cha sukari cha kubandika nyuma ya mkono, kinachosoma kutwa kucha na kutuma namba kwenye simu, akakivaa apate kuijua afya yake wakati wa mfungo. Chini ya picha ameandika: "Daktari, sukari yangu imefika 186. Mie nimeshaumwa?"

Kwanza nilimtuliza kuhusu hiyo 186. Programu ya simu ilikuja ikiwa imewekwa kusoma kwa mg/dL, na sisi hospitalini husoma kwa mmol/L. Ukigawa 186 kwa 18 unapata 10.3. Kiasi chenyewe ni kilekile, lakini mtu aliyezoea kusikia "tano nukta mbili" akiona mia na themanini moyo humwenda mbio. Nikamwambia aje kesho yake na simu, tuutazame mchoro wa siku nzima, maana kilele peke yake hakinitoshi.

Mchoro ulionesha hivi. Kabla ya magharibi alikuwa 4.7. Ilipoadhiniwa, saa 12 na nusu jioni, alifungua kwa tende tatu na glasi ya juisi ya miwa, akaenda kuswali. Aliporudi akala shelisheli la nazi na tambi za sukari. Saa moja na robo alikuwa 10.3, saa mbili 8.1, na ilipofika saa tatu kasoro robo, akiwa msikitini, amerudi 6.0. Jumla alikaa juu ya 7.8 kwa muda wa saa moja hivi.

Hofu yake ilitokana na namba 7.8, aliyoisoma kuwa ndiyo mpaka wa mtu mzima wa afya. Mpaka huo upo, ila wengi hawaambiwi unapimwa vipi. Mtu hulala bila kula, asubuhi hunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, hukaa kimya, na baada ya saa mbili kamili hutolewa damu ya mshipa. Damu hiyo ikiwa chini ya 7.8, ni kawaida. Ikifika 11.1 au zaidi, ni kisukari. Kwa hiyo 7.8 inauliza swali moja tu: saa mbili baada ya kunywa, umeshashuka? Haisemi kwamba dakika ya 45 hukutakiwa kupita hapo. Mtu mwenye kongosho zima anaweza kupanda hadi 9 au 10 katikati ya kipimo hichohicho, kisha akawa 6 wakati wa kutolewa damu. Mwalimu wangu, saa mbili na robo baada ya kufungua, alikuwa 6.0.

Kwa nini apande kiasi hicho? Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, hubeba kama gramu tano za sukari kwa wakati mmoja, sawa na kijiko kimoja cha chai. Glasi ya juisi ya miwa peke yake ina gramu 30 hivi, na tende theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, kabla hatujazigusa tambi. Yote hiyo inapita kwenye kijiko kile. Insulini huanza kutoka ndani ya dakika chache, lakini misuli na ini huhitaji muda kupokea mzigo. Kinywaji kitamu katika tumbo tupu hakikai tumboni, huteremka utumboni upesi, kwa hiyo kwa nusu saa ya mwanzo sukari inayoingia ni nyingi kuliko inayotoka. Hapo ndipo mlima unapotokea.

Na yeye alikuwa ametoka kwenye saa 13 na zaidi bila kula. Katika muda huo mwili huhamia kwenye kuchoma mafuta, na mafuta yakiwa mengi ndani ya damu misuli huwa mizito kidogo kupokea sukari. Ndiyo maana mlo wa kwanza baada ya njaa ndefu hupandisha zaidi kuliko mlo wa pili wa aina ileile. Tuliiona hata kwake: daku ya wali na samaki wa kupaka, ambayo ilikuwa na wanga mwingi tu, haikumvusha 7.6.

Mpaka hapo nilikuwa naichukulia 10.3 kana kwamba ni kweli. Jioni ya pili nilimwomba ajichome kidole kipimo kikiwa kimetulia juu, mshale wa kwenye simu ukiwa umelala. Akanipigia simu sauti imemkauka: kidole kimesema 13.9! Nikamuuliza, mikono umeosha? Hakuosha. Alikuwa ametoka kushika tende. Utandu wa sukari usioonekana kwenye ncha ya kidole unatosha kuharibu tone dogo la damu. Akaosha kwa sabuni, akakausha, akachoma tena: 8.8. Wakati huohuo kile cha mkononi kikasema 10.2.

Tofauti ya 8.8 na 10.2 haina ajabu. Kile cha kubandika hakigusi damu. Uzi wake mwembamba, wa kiasi cha nusu sentimita, umelala kwenye majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari hufika huko ikiwa imechelewa, kwa kawaida kati ya dakika 5 na 15. Juu ya hilo, vipimo hivi kwa wastani hukosea kama asilimia 10 kwenda juu au chini, na kipimo cha kidole nacho kinaruhusiwa kutofautiana na maabara hadi asilimia 15. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walichapisha mwaka 2025 kazi waliyoifanya kwa watu wenye afya, wakilinganisha kibandiko na damu ya kidole. Kibandiko kilisoma juu zaidi, na ukubwa wa kosa ulitofautiana mtu kwa mtu na kinywaji kwa kinywaji. Kosa la namna hiyo kwa mgonjwa anayetumia insulini halimzuii kunufaika, kwa sababu yeye hutoka 4 hadi 16. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yako kati ya 4 na 9, kosa la nukta kadhaa ndilo linaloamua kama amevuka mstari au hakuvuka.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 ninaoupenda kuwaonesha watu. Watu 153 wasio na kisukari, watoto hadi wazee, walivalishwa vibandiko. Asilimia 96 ya muda wao ilikuwa kati ya 3.9 na 7.8, na kwa siku walikaa juu ya 7.8 kama nusu saa. Maana yake, kupita mstari huo kidogo kila siku ni sehemu ya hali ya kawaida. Mwalimu wangu aliwazidi kwa nusu saa, lakini wale hawakufungulia juisi ya miwa baada ya kutwa nzima ya njaa.

Kilichonisumbua zaidi ni alichokifanya baadaye. Aliacha tende, akaacha shelisheli na wali, akawa anafuturu kwa samaki, mayai na mboga. Mchoro ukalala. Siku ya tano, nyumbani kwa mama yake, akala sahani ya biriani, akapanda hadi 11.0. Akaja kwangu akisema biriani ni sumu kwake. Nikamweleza kuwa mwili uliokatiwa wanga kwa siku kadhaa hulegea katika kuushughulikia, na ukirudishiwa ghafla hupanda kuliko zamani. Jambo hili linajulikana kiasi kwamba anayekwenda kupimwa kwa glukosi ya kunywa huagizwa ale wanga wa kutosha, angalau gramu 150 kwa siku, siku tatu kabla. Bila hivyo, mzima anaweza kuonekana mgonjwa.

Baada ya Sikukuu tulifanya jaribio dogo kwa siku zilizobaki za kibandiko. Asubuhi mbili, saa ileile, maandazi mawili na kikombe kilekile cha chai ya maziwa. Siku ya kwanza alifika 7.4, ya pili 9.1. Usiku wa kuamkia siku ya pili hakulala vizuri, na asubuhi yake hakupanda baiskeli. Sasa, kama angekula andazi siku ya pili na kitumbua siku ya kwanza, angeapa kwamba kitumbua ni salama na andazi ni hatari. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwapa watu wasio na kisukari milo ileile mara mbili, zikiachana kwa kiasi cha wiki moja, wakaona majibu yakitofautiana karibu sawa na milo tofauti kabisa. Kwa hiyo mimi siamini orodha ya "vyakula vyangu vibaya" iliyotokana na mlo mmoja mmoja.

Mashimo ya usiku nayo yana hila zake. Saa tisa usiku mchoro wake ulianguka wima hadi 3.2, ukakaa dakika 40, ukarudi 4.9 kwa ghafla ileile. Hakutoka jasho wala hakutetemeka, alikuwa amelala fofofo. Kibandiko kilikuwa mkono wa kushoto, na yeye hulalia kushoto. Mkono ukikandamizwa, majimaji yale hayapitishi sukari vizuri, kipimo kinasoma chini. Aliponyanyuka kwa daku, mchoro ukanyanyuka naye.

Tulimaliza kwa maabara, kwa damu ya mshipa, baada ya wiki mbili za kula kama kawaida yake. Kabla ya kula 4.9, saa mbili baada ya glukosi 6.1, na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, asilimia 5.3. Hana kisukari. Nilimshauri jambo moja tu kuhusu futari: tende ale, ila juisi ya miwa aipunguze au aicheleweshe hadi baada ya chakula. Hilo ningemshauri hata bila mchoro.

Michoro ninayoiandikia karatasi ya maabara siku hiyohiyo haifanani na wake. Ni ule ambao asubuhi, kabla ya kula, unaamka juu ya 7 siku baada ya siku. Ni ule unaopanda na saa tatu baadaye bado haujashuka, au unaopita 11 mara kwa mara, hasa mwenyewe akisema anakojoa usiku kucha na nguo zimempwaya. Na mama mjamzito simweki humu kabisa. Mipaka yake ni ya chini zaidi: kabla ya kula 5.1 inatosha kumwita kisukari cha mimba, hivyo mchoro wowote uliomtia wasiwasi aje nao kliniki, asisubiri kuulinganisha na wa mtu mwingine.