Kufuata Kasi ya Bei za Hisa Bila Kuliwa na Kamisheni

Katika kikao cha mafunzo tulichofanya na chama kimoja cha akiba mjini Lamu, mweka hazina alinifungulia daftari lake na kuniwekea kidole kwenye mistari miwili. "Maalim, hisa hii tumeiuza mwanzo wa Aprili, na mwanzo wa Mei tumeinunua tena. Hapa tumepata nini?" Jibu fupi ni kwamba dalali wao alipata kamisheni mara mbili. Jibu refu ndilo ninalolieleza hapa, kwa sababu kosa lile halikutokana na uzembe wala tamaa. Lilitokana na kuifuata kanuni nzuri kwa ukali kupita kiasi.

Kanuni yenyewe ni ya kufuata kasi ya bei. Unachukua kundi la hisa, unazipanga kwa faida zilizoleta katika mwaka uliopita, unashika zile za juu, na kila mwezi unaipanga orodha upya. Utafiti uliozifanya kanuni za namna hii zijulikane sana ni wa Jegadeesh na Titman wa mwaka 1993. Walichunguza hisa za Marekani za miaka ya 1965 hadi 1989 na wakaona kwamba zilizokuwa zimeongoza kwa miezi mitatu hadi kumi na miwili ziliendelea kwa wastani kuzishinda zilizobaki nyuma katika miezi iliyofuata. Nasisitiza neno "wastani", kwa kuwa hisa moja moja haina ahadi yoyote na mtu.

Kupima kasi kuna namna yake. Wengi huuruka mwezi wa mwisho, kwa sababu hisa iliyopanda ghafla ndani ya wiki chache mara nyingi hurudi nyuma kidogo. Kwa hiyo chama kinachopanga orodha mwisho wa Machi huchukua bei ya mwisho wa Machi mwaka jana na kuilinganisha na ya mwisho wa Februari mwaka huu, kisha hujumlisha gawio lililolipwa katikati. Hisa iliyotoka shilingi 20 hadi 27 na kulipa gawio la shilingi 1.50 imeleta 42.5%. Kwenye jedwali la kompyuta, ikiwa bei ya zamani iko B2, bei mpya C2 na gawio D2, hesabu huandikwa hivi:

```
=(C2+D2)/B2-1
```

Hapa kuna mtego ambao mimi mwenyewe niliwahi kunaswa nao. Kampuni ikitoa hisa moja ya bonasi kwa kila tano, bei ya shilingi 30 hushuka hadi kama 25 bila mwenye hisa kupoteza chochote, kwa sababu sasa ana hisa sita badala ya tano. Jedwali langu halikulijua hilo, likaonyesha hasara ya karibu 17%, nami nikaiondoa hisa iliyokuwa miongoni mwa zinazoongoza. Tangu siku hiyo, nikiona bei imeanguka ghafla kwa zaidi ya 10% kwa siku moja, hutafuta kwanza tangazo la bonasi au la kugawanywa kwa hisa. Katika Soko la Hisa la Nairobi kawaida bei haiachiwi kusogea zaidi ya kiwango hicho kwa siku, kwa hiyo anguko la ghafla kiasi hicho huwa na maelezo yake.

Turudi kwenye daftari la Lamu. Chama kilikuwa na shilingi 600,000 katika hisa sita, kila moja 100,000, zilizochaguliwa kutoka kundi la 30 zinazouzika kwa wepesi. Nitaziita A, B, C, D, E na F. Tuchukulie kwamba gharama zote za biashara ni 2% kwa kuuza na 2% kwa kununua. Kila msomaji atazame hati yake ya mauzo aone zake ni ngapi. Orodha ya mwisho wa Machi iliziweka A hadi D katika nafasi nne za kwanza, hisa mpya G ikawa ya 5 na H ya 6, huku E ikishuka hadi ya 8 na F hadi ya 14. Kwa kuwa kanuni yao ilisema "shika sita za juu", waliuza E na F, wakanunua G na H. Gharama ikawa shilingi 8,000. Mwisho wa Aprili E ilirudi nafasi ya 5, G ikawa ya 6 na H ikaangukia ya 9. Waliuza H, wakairudia E, wakatoa 4,000 nyingine.

Sasa tazama ambavyo ingekuwa kama wangekuwa na mistari miwili badala ya mmoja: hisa huingia kapuni ikifika nafasi ya 6 au juu zaidi, lakini iliyomo haitoki mpaka ivuke nafasi ya 12. Mwisho wa Machi F ingetoka na nafasi yake ingechukuliwa na G, ambayo ndiyo ya juu kabisa kati ya zisizokuwamo. E ya nafasi ya 8 ingebaki. Gharama ingekuwa 4,000. Mwisho wa Aprili hakuna ambacho kingefanywa. Baada ya miezi miwili njia zote mbili zinaishia na hisa zilezile sita, yaani A, B, C, D, E na G. Ya kwanza imegharimu 12,000, sawa na 2% ya mtaji wote, na ya pili 4,000.

Mzee mmoja, nahodha wa zamani, alilielewa jambo hili kabla sijamaliza kuchora jedwali. Alisema kwamba upepo wa kusi huyumbayumba mchana kutwa, ila tanga haligeuzwi mpaka kusi lenyewe liishe. Tofauti kati ya nafasi ya 6 na ya 8 mara nyingi ni ya namna hiyo: hisa moja imeleta 12.1% na nyingine 11.6%, na mauzo machache ya siku moja yanatosha kuzibadilishia nafasi.

Haki isemwe, mistari miwili ina gharama yake. Katika mwezi ule E ikiwa ya 8, huenda H ingepanda zaidi. Na ukiusukuma mstari wa kutoka mbali sana, tuseme nafasi ya 22 kati ya 30, utajikuta umeshika hisa zilizokwisha kuishiwa kasi huku ukijisifu kwamba hulipi kamisheni. Ili kutambua hali hiyo, kila mwisho wa mwezi andika namba mbili: sehemu ya mtaji iliyouzwa, na wastani wa nafasi za hisa ulizonazo. Namba ya kwanza ikikaribia theluthi kila mwezi, kwa gharama tulizochukulia unalipa karibu 16% kwa mwaka, na sijui kasi gani ya bei itaubeba mzigo huo. Wastani ukizidi 10 katika kundi la 30, mstari wako umelegea.

Jambo jingine linalopunguza biashara ni kuacha kukata hisa iliyonenepa. Si lazima kila moja irudishwe kwenye sehemu yake ya sita kila mwezi. Chama hiki kilikubaliana kupunguza tu hisa inapozidi robo ya mtaji.

Hata hivyo, udhibiti huu hauikingi kanuni dhidi ya udhaifu wake mkubwa, ambao huonekana soko linapogeuka baada ya kuporomoka. Kati ya Machi na Mei 2009 huko Marekani, hisa zilizokuwa mkiani ziliruka kwa kasi na kuziacha mbali zilizokuwa zikiongoza. Walioumia zaidi ni wale waliokuwa wamekopa za mkiani na kuziuza wakitarajia zishuke. Anayenunua tu za juu, kama chama cha Lamu, hubaki nyuma ya soko kwa miezi kadhaa, na inambidi akubaliane na hilo kabla ya kuanza.

Waliporudi kwenye orodha ya mwisho wa Mei wakiwa na mistari yao miwili, hakuna hisa iliyovuka nafasi ya 12. Mweka hazina aliandika tarehe, akaandika sifuri kwenye safu ya mauzo na 4.5 kwenye safu ya wastani, kisha akafunga daftari.