Je, wajua kwa nini mzaha wa Kifaransa hauvuki bahari kwa kutafsiriwa neno kwa neno?

Swali: Hadithi ya watoto ya Kifaransa imejaa vina na mizaha ya maneno. Mfasiri afanyeje ili ikisomwa kwa Kiswahili barazani Lamu, watoto wacheke pale pale wanapocheka wenzao wa Ufaransa?

Afasiri kwanza kile sauti inachofanya, ndipo aangalie maneno. Chukua sentensi moja ambayo Wafaransa huichezea ulimi: mnyoo wa kijani anaelekea glasi ya kijani. Kwa Kiswahili hapo hakuna cha kuchekesha. Kwa Kifaransa, neno la mnyoo, la kijani, la kuelekea na la glasi yote manne hutamkwa "ver", na kwa kuwa kijani kimetajwa mara mbili, sikio hupigwa "ver" mara tano katika pumzi moja. Mzaha wote umo humo. Mnyoo na glasi ni vyombo tu vya kubebea sauti.

Kabla ya kuandika chochote, tazama picha ya ukurasa huo. Kama mchoraji amechora mdudu na glasi, umefungwa, kwa sababu mtoto ataonyeshwa picha huku akisikiliza. Utalazimika kubaki na vitu vile vile na kutafuta sauti mahali pengine, na Kiswahili kina mahali pake. Kifaransa hupenda kufananisha mikia ya maneno, ilhali sisi tuna upatanisho wa ngeli unaofananisha vichwa vyake. Kwanza liangalie neno "mnyoo" lenyewe. Kwa mtoto wa Lamu, mnyoo ni yule wa tumboni anayenyweshewa dawa, na neno la Kifaransa ni pana kuliko hilo. Kama aliyechorwa anatambaa juu ya jani, huyo ni kiwavi. Glasi nayo iite kibilauri. Basi:

Kiwavi cha kijani kimekikimbilia kibilauri cha kijani.

Hesabu "ki" zilizomo: ni saba, na tatu zimesongamana katika kitenzi kimoja, ambapo ulimi wa mtoto utajikwaa naye atataka kujaribu tena. Mwalimu wa sarufi atasema kiwavi ana uhai, kwa hiyo iwe "kiwavi wa kijani amekikimbilia". Yuko sawa kwa insha. Lakini hata mitaani husemwa "kitoto kinalia" mtu akitaka kukidogosha kiumbe, na kiwavi wa hadithi anastahili kudogoshwa. Ukirudi kwenye "wa" na "a" umepoteza "ki" ya kitenzi iliyokuwa inabeba mchezo.

Pasipo na picha, uko huru zaidi, na hapo ni afadhali kumwacha mdudu kabisa. Tafuta neno la Kiswahili ambalo sauti yake moja ina maana kadhaa, kama lile "ver" lao. Pwani yanajaa: taa ya kuwasha na taa wa baharini, mbuzi wa kuchinja na mbuzi ya kukunia nazi. Kwa hapa lafaa "kaa", kwa kuwa ni mnyama, ni kitendo, na ni kipande cha makaa:

Kaa katoka majini, kaa kakaa kaani,
Kapiga yowe jikoni, moto u makalioni.

Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, kama shairi la kawaida. Urefu huo una sababu. Maneno mengi ya Kifaransa ya watoto ni ya silabi moja tu: paka, mbwamwitu na usiku kwao hutamkwa kwa pigo moja moja. Ukijaribu kuutia mstari wao wa silabi nane katika mizani nane ya Kiswahili, utakatakata maneno mpaka mtoto asielewe. Upe mstari wao mmoja mshororo mzima wa vipande viwili, upumue.

Angalia pia wakati wa kitenzi. "Kakaa" imechaguliwa kwa kuwa inaongeza "ka" nyingine mbele ya "kaa", tena ndivyo watu wa pwani wanavyosimulia: kaja, kala, kaondoka. Ukiandika "alikuwa ameketi" mzaha umekufa. Wingi nao huudhoofisha, maana kaa la moto likiwa mengi ni makaa.

Sasa vina. Kifaransa hukazia silabi ya mwisho ya fungu la maneno, kwa hiyo kina chao huangukia palipo na nguvu. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na kina chetu huangukia silabi dhaifu. Ndiyo maana "jikoni" na "makalioni" hulia vizuri kuliko "majini" na "kaani": jozi ya kwanza inafanana mpaka kwenye ile "o" yenye mkazo, jozi ya pili inafanana kwenye "ni" peke yake. Mstari wa kuchekesha upe jozi yenye nguvu. Wala usidanganyike kwamba "alicheza" na "akakimbia" zina kina kwa kuwa zote zaishia na "a". Kwa sikio lililolelewa na tenzi, hiyo ni guni. "Alicheka" na "alifika" zina kina, kwa sababu "ka" nzima imerudi. Hiyo "ni" ya mahali ni msaada wa haraka, lakini ikijaza ukurasa mzima mtoto huitabiri na huacha kusikiliza.

Lamu ina mtego wake. Aliyefasiri kwa Kiswahili cha shule huenda akatafutia "macho" kina chenye "cho". Hadithi ikisomwa na bibi anayesema Kiamu, atasoma "mato" bila hata kufikiri, na kina kimevunjika mdomoni mwake. "Kichwa" naye atasema "kitwa". Njia salama ni kuweka mwishoni silabi zisizobadilika, kama "ma", "ka", "li" na "pa", na kuzikwepa zenye "ch" na "j". Lakini lahaja hiyo hiyo inatoa zawadi. Kwa Kiamu "njoo" ni "ndoo", basi mhusika akiita "Ndoo! Ndoo!" mwenzake aweza kumletea ndoo mbili za maji. Mfaransa hana mzaha huo, nasi tunaona ni halali kuutia pale ambapo mzaha wake mwingine umeshindikana. Nakala ya kusomwa Dodoma itauhitaji mwingine.

Mwanzo wa hadithi ni mwepesi. Fungulia kwa "Paukwa!", watoto waitike "Pakawa!", na tayari wanacheza.

Mwisho, isome kwa sauti mbele ya watoto, kitabu kikiwa kimefungwa kwao. Piga makofi kwa kila silabi, na pale kofi linapobaki peke yake, mizani imezidi au imepungua. Kumbuka "mtu" ni makofi mawili na "mbuzi" pia ni mawili, kwa kuwa "m" ya mtu husimama peke yake na ya mbuzi hushikana na "b". Kisha watulie, nawe uone kicheko kinakuja lini. Kikija baada ya mtoto kuuliza "kaa gani?", kasoro iko nyuma ya mstari huo: jiko halikutajwa mapema. Taja jiko lenye moto sentensi mbili tatu kabla kaa hajatoka majini, halafu usome tena. Na mtoto akiurudia mstari na kubadilisha neno moja bila kujua, liandike neno lake, kwa kuwa mara nyingi ndilo lililokaa vizuri zaidi mdomoni.