Kucheki jibu la kufungua mabano na kutoa vigawo: lini liko sawa na lini kazi haijaisha

Ukifungua mabano ya 3(x + 4) unapata 3x + 12, na ukiichukua hiyo 3x + 12 ukaitoa vigawo unarudi kwenye 3(x + 4). Thamani haijabadilika popote, kilichobadilika ni sura tu, na ndo maana jibu lako unaweza kulicheki mwenyewe bila kusubiri mwalimu wala kufunua kurasa za mwisho za kitabu. Ila kucheki kwenyewe kuna maswali mawili, na wanafunzi wengi huwa wanajiuliza moja tu au hawajiulizi kabisa: la kwanza, je jibu langu ni sawa na swali? La pili, je kazi imeisha?

Tuanze na la kwanza. Njia yake ni kuchagua namba yoyote, unaiweka mahali pa x kwenye swali unapata thamani, afu unaiweka namba hiyohiyo kwenye jibu. Zikitofautiana basi jibu limekosewa, hakuna mjadala hapo. Chukua kosa linaloongoza kidato cha pili, mtu anaona (x + 3)² anaandika x² + 9. Weka x = 10. Swali linakuwa 13 mara 13, yaani 169, jibu lake linakuwa 100 + 9 ambayo ni 109. Imepungua 60, na hiyo 60 inakuambia kabisa nini kimepotea, maana x ni 10 kwa hiyo 60 ni 6x. Na kweli, (x + 3)² ni (x + 3)(x + 3), x ya kwanza inazidisha 3 ya pili, na 3 ya kwanza inazidisha x ya pili, ndo unapata 3x mbili, jumla 6x. Jibu sahihi ni x² + 6x + 9.

Sasa angalia ingekuwaje kama ungechagua x = 0: swali 9, jibu baya nalo 9, umepita na kosa lako mkononi. Sifuri inaua kila kipande chenye x, kwa hiyo inacheki ile namba ya mwisho peke yake, na kipande cha katikati ndo hichohicho watu wanachosahau. Moja nayo inaficha mambo, kwa sababu 1 ukiipa kipeo chochote inabaki 1, kwa hiyo aliyeandika 5x badala ya 5x² hataona tofauti. Na 2 inachanganya x² na 2x maana zote zinatoa 4. Mi napendelea 3 au 10.

Hata 10 ina siku zake mbaya. Tuseme swali ni (2x − 5)², jibu sahihi 4x² − 20x + 25, na kwa x = 10 ni 15 mara 15, yaani 225. Mmoja kaandika 4x² + 25, anapata 425. Mwingine kasahau kwamba 2 nayo inapanda na kipeo, kaandika 2x² − 20x + 25, anapata 25. Wote wamekosea kwa 200, mmoja kazidi mwingine kapungua, lakini 200 hiyo inaweza kuwa 20x na inaweza kuwa 2x², huwezi kujua ipi kwa kuitazama tu. Rudia na x = 3: thamani sahihi ni 1 kwa sababu 6 − 5 ni 1, wa kwanza anapata 61, kazidi 60 ambayo ni 20x, wa pili anapata −17, kapungua 18 ambayo ni 2x². Hapo kila kosa limejitaja. Na yule anayeandika 4x² − 10x + 25, yaani kazidisha 2x na 5 lakini kasahau mara mbili, kwa x = 10 anapata 325, kazidi 100, nusu ya kipande cha katikati haipo.

Je, namba moja ikikubali imetosha? Kwa haraka ya mtihani mara nyingi inatosha, ila siyo uthibitisho. Kama kipeo kikubwa pande zote ni 2, zikikubaliana kwenye namba tatu tofauti hapo ni uthibitisho kamili, kwa sababu tofauti yao haiwezi kuwa sifuri kwenye namba tatu bila kuwa sifuri kila mahali.

Haya, swali la pili, ambalo kuweka namba hakulisaidii kabisa. Mtu kapewa 12x² + 18x atoe vigawo, kaandika 2x(6x + 9). Weka x = 3: swali ni 108 + 54 = 162, jibu ni 6 mara 27 = 162. Sawasawa. Lakini maksi zote hapati kama swali limesema vigawo vyote, kwa sababu 6 na 9 bado zinagawanyika kwa 3, ilitakiwa 6x(2x + 3). Hapa unacheki kwa macho: ingia ndani ya kila bano, jiulize kama vipande vyake vina kigawo cha pamoja, namba au herufi. Afu angalia pia kama bano lenyewe bado linapasuka, mfano 2x² − 18 = 2(x² − 9) haijaisha, kwa sababu x² − 9 ni (x − 3)(x + 3).

Kuna na hili la 6x² + 3x kuandikwa 3x(2x), eti 3x imeshatoka nje haijaacha kitu. Imeacha 1. Jibu ni 3x(2x + 1), na dalili yake ni rahisi, vipande ndani ya bano viwe vingi sawa na vipande ulivyoanza navyo.

Tuunganishe yote kwenye 8x² − 24x + 18. Kwa x = 10 thamani yake ni 578. Mwanafunzi mmoja kaleta (4x − 6)(2x − 3), ni 34 mara 17 = 578, sawa, ila 4x − 6 bado ina 2 ndani, hajamaliza. Wa pili kagawanya kila kitu kwa 2 mwanzoni afu akaisahau, kaleta (2x − 3)², ni 289, nusu kamili ya 578, na ukiona jibu lako ni nusu au theluthi ya swali ujue kuna kigawo umekiacha njiani. Jibu ni 2(2x − 3)². Wa tatu kafika hapohapo vizuri, lakini alipotaka kulifungua tena ili ahakikishe akaiingiza 2 ndani kwanza akapata (4x − 6)², ambayo ni 34 mara 34 = 1156, mara mbili ya 578, akadhani vigawo vyake ndo vibaya akavifuta. Vigawo vilikuwa sahihi. Kipeo kinashika bano lake tu, kwa hiyo unafungua kwanza (2x − 3)² unapata 4x² − 12x + 9, ndo unazidisha kwa 2.