Namba ya siku ya kuzaliwa sio njia ya maisha

Kuna meseji inazunguka ya numerolojia, ile imani ya kusoma maisha ya mtu kwa namba, inasema: "Ukizaliwa tarehe 17 we ni namba 8, ndo njia yako ya maisha, ukifika 35 inafutika unapewa namba ya ukomavu."

Jamani hapana, hapo namba tatu zimechanganywa. Chukua kalamu, tuseme Rehema Juma kazaliwa 17/3/1988. Siku ni 1+7=8, mwezi 3, mwaka 1+9+8+8=26 yaani 8, jumla 19, halafu 10, mwisho 1. Njia ya maisha yake ni 1, ile 8 ni ya siku tu, wanaofuata numerolojia wanaihesabu kama kipaji cha kuongezea kwenye ile 1, kwake wanasema kusimamia kazi na hela. Watu wanachanganya kwasababu zote zinatoka kwenye tarehe ileile.

Ya ukomavu inahitaji na jina kamili la kuzaliwa. Herufi zake (A=1 mpaka I=9, J inaanza tena 1) zinatoa 41, yaani 5, jumlisha na ile 1 unapata 6. Wanasema inaanza kuonekana kati ya miaka 35 na 45, ila inaongezea tu, ile 1 haifutiki. Na hii ni imani, sayansi haijathibitisha kwamba inatabiri maisha. Meseji ikikufikia usiifowadi.