Ile 55 kwenye faili ilikuwa ya dawa

Mama mmoja alirudi kliniki wiki mbili baada ya kuruhusiwa kutoka wodini. Alikuwa amelazwa kwa maambukizi makali ya figo, na siku moja alichungulia faili lake akaona nimeandika: IBW 55, kifupi cha Kiingereza cha "uzito bora wa mwili". Uzito wake ulikuwa kilo 98. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, kweli nipunguze kilo 43?" Tangu atoke alikuwa anakula mlo mmoja kwa siku.

Mimi ni mfamasia wa hospitali. Namba ile niliiandika mimi, na iliniuma kwamba sikumweleza.

Urefu wake ni sentimita 163. Kanuni niliyotumia inaitwa Devine, kwa jina la aliyeichapisha mwaka 1974 katika makala kuhusu jentamaisini, dawa ileile tuliyokuwa tunamchoma. Kwa mwanamke unaanza na kilo 45.5 kwa futi 5 za mwanzo, kisha unaongeza kilo 2.3 kwa kila inchi inayozidi. Mwanaume anaanza na 50. Mama huyu ana futi 5 na inchi 4 na ushei, kwa hiyo anapata 55.

Kilo hizo hazikutokana na kufuatilia nani aliishi muda mrefu. Zigeuze ziwe ratili uone: mwanamke ratili 100, mwanaume 110, na ratili 5 kwa kila inchi. Ni makisio ya mkononi yaliyokuwepo zamani, na yalitosha kwa kazi yake. Jentamaisini haipendi mafuta. Hukaa zaidi kwenye maji ya mwili. Mtu akiongezeka kilo 40 za mafuta, nafasi ya dawa haiongezeki kwa kiasi hicho. Tulihitaji namba ya kukadiria mwili bila mafuta ya ziada, basi.

Tuipige hesabu yake. Kwa miligramu 5 kwa kila kilo, uzito wa mizani ungetupa 490, dozi ambayo ingeweza kumuumiza figo na masikio. Uzito wa kanuni ungetupa 275, ambayo ni kidogo kwa sababu mafuta nayo yana maji kiasi. Kwa hiyo huwa tunachukua 55, tunaongeza asilimia 40 ya zile kilo 43 za ziada, tunapata kama 72. Dozi ikawa miligramu 360, yaani ampuli nne na nusu za miligramu 80, na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, tukaendelea kuipima. Mgonjwa akiwa mwembamba kuliko kanuni inavyosema, tunatumia uzito wake halisi. Ukimpa dozi ya kanuni utakuwa umemzidishia.

BMI inajibu swali jingine kabisa. Unagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, halafu unalinganisha na viwango vilivyowekwa kwa kutazama hatari ya magonjwa katika makundi makubwa ya watu. Kiwango cha kawaida cha Shirika la Afya Duniani, 18.5 hadi 24.9, kwa urefu wa mama huyu ni kilo 49 hadi 66. Ni nafasi ya kilo 17, na 55 ni nukta moja tu humo ndani.

Tena nukta yenyewe inahama. Devine inapanda kwa mstari ulionyooka, BMI inapanda kwa mraba wa urefu. Mwanamke wa sentimita 150 hafiki futi 5, kwa hiyo kanuni ikirudi nyuma kwa kiasi hichohicho inampa kilo 43, ambazo ni BMI ya 19, karibu kabisa na mpaka wa chini. Mwanaume wa sentimita 175 inampa kilo 70 hivi, BMI ya 23. BMI haiulizi jinsia; Devine inauliza. Ndiyo maana wanawake wafupi huogopeshwa zaidi na namba hii wakiisoma kama lengo la maisha.

Kosa ninalolikuta mara nyingi wodini ni urefu wa kukisia. Mgonjwa amelala, mtu anamtazama na kuandika 170. Kwa huyu mama, sentimita 7 hizo zingeongeza kilo 6 na zaidi. Angekuwa kwenye mashine ya kupumulia, ambako tunapuliza takriban mililita 6 kwa kila kilo ya kanuni, kila pumzi ingezidi kwa karibu mililita 40. Mapafu hayanenepi pamoja na tumbo, yanafuata urefu. Kwa hiyo tunachukua utepe tunampima hapohapo kitandani, kuanzia kisigino hadi utosini, na kilemba tunakiondoa kwanza.

Nilimwambia, "Mama, ile 55 ilikuwa ya kupimia sindano. Wewe tuanze na kilo 5 hadi 10, kwa chakula cha mara tatu." Kupungua kiasi hicho tayari kunasaidia presha na sukari, na presha yake siku ile ilikuwa juu. Nikafungua faili, nikakata IBW, nikaandika pembeni yake: uzito wa kupigia dozi.