Je, wajua kwa nini kisigino kilichovunjika hakipasuliwi siku hiyohiyo?

"Jamani naomba kueleweshwa, shemeji yangu fundi paua kateleza juu ya kenchi kaangukia miguu, kisigino cha kulia kimevunjika. Majibu ya siti skani yameandikwa Sanders III AC, halafu madaktari wanasema asubiri hata wiki mbili uvimbe upungue ndo apasuliwe. Mfupa si utaunga vibaya? Na mbona wanasema hata akipasuliwa jointi inaweza kuja kumsumbua?"

Pole sana kwa shemeji. Mimi niko wodi ya mifupa na hii kesi tunaiona sana, mafundi, wakwea minazi, watu wa ajali za pikipiki, na karibu kila ndugu anauliza hivyohivyo maana anaona mgonjwa wa paja anapelekwa tiata mapema ila wake kalazwa tu mguu umening'inizwa juu. Nianze na yale maandishi ya siti skani kwa sababu ndo yanayochanganya watu.

Mfupa wa kisigino umebebwa juu na mfupa mwingine unaitwa talasi, na hapo wanapokutana kuna jointi, siyo ile ya kifundo unayoiona ukikunja mguu juu na chini, hii iko chini yake kidogo na kazi yake ni kulaza unyayo huku na huku, kwa ndani na kwa nje. Mtu akianguka kwa miguu uzito wote unashuka kupitia talasi, na talasi inaingia kwenye kisigino kama shoka kwenye gogo. Kwa hiyo mpasuko hauko pembeni tu ya mfupa, mara nyingi unapita katikati ya ile sura ya jointi, na hapo ndo shida yote inapoanzia.

Eksirei ya kawaida ukiipiga kwa ubavu inakuonyesha kisigino kimebonyea, kuna pembe inaitwa ya Böhler ambayo kwa mtu mzima inakuwa kama digrii 20 hadi 40, ikishuka sana au ikienda chini ya sifuri unajua mfupa umekaa chini. Ila eksirei haikwambii jointi imetoka vipande vingapi. Ndo maana mwaka 1993 daktari Mmarekani Roy Sanders na wenzake wakatoa njia ya kuhesabu kwa siti skani, na ndo hiyo inatumika mpaka leo.

Inafanywa hivi. Kwenye zile picha za siti unachagua zinazokata kisigino kwa upana, kutoka upande wa nje kwenda wa ndani, unatafuta ile ambayo talasi inaonekana pana kuliko zote. Hapo unachora mistari mitatu kichwani, A uko upande wa nje wa mguu, B katikati, C uko ndani kabisa. Mfupa ukipasuka popote lakini vipande havijaachana, yaani pengo halijafika milimita 2, hiyo ni aina ya I hata ikiwa na mipasuko mingi. Ukiwa na mpasuko mmoja ulioachana una vipande viwili, ni II. Mipasuko miwili vipande vitatu, III. Vikifika vinne na kuendelea ni IV, na hapo jointi imesagika.

Sasa ya shemeji, III AC, maana yake kapasuka kwenye mstari A na kwenye C, B imebaki salama. Kwa hiyo ana kipande cha nje, kipande kikubwa cha katikati, na kipande kidogo cha ndani. Kile cha ndani kina bahati, kimefungwa na kano ngumu kwenye talasi kwa hiyo mara nyingi hakiendi popote, na daktari mpasuaji anakitumia kama sehemu ya kuanzia, analeta vingine vije vikae sawa nacho halafu skrubu zinaelekezwa huko. Kipande cha katikati ndo msumbufu, kinazama chini ndani ya mfupa laini na inabidi kiinuliwe. Na mpasuko wa C uko mbali ndani kiasi kwamba ukiingia kwa upande wa nje unauona kwa shida, kwa hiyo III AC siyo kazi nyepesi.

Ila hiyo namba ina mipaka yake. Inahesabu vipande vya jointi tu, haisemi kisigino kimetanuka kiasi gani wala kimelala upande, na madaktari wawili wakiangalia picha ileile wanaweza kupishana, mmoja II mwingine III. Na haisemi kitu chochote kuhusu ngozi, wakati tarehe ya kupasua inapangwa na ngozi.

Gusa kisigino chako upande wa nje, chini ya lile fundo. Ni ngozi na mfupa basi, hakuna nyama ya kuitegemea. Kwa miaka mingi njia iliyozoeleka ilikuwa kukata pale kwa umbo la L na kuinua ngozi yote kama kipande kimoja hadi kwenye mfupa, na ile kona ya L inalishwa na mshipa mmoja mdogo wa damu. Ngozi ikiwa imevimba, damu tayari inapita kwa taabu, ukikata siku hiyo ukaweka na bamba la chuma chini yake halafu ukalazimisha kushona, kona inageuka nyeusi inakufa. Kidonda kinafunguka, chuma kinaonekana, bakteria wanaingia mpaka kwenye mfupa, na wapo waliomalizia kukatwa mguu kwa jambo lililoanza kama kidonda kidogo tu. Mvuta sigara na mwenye kisukari wako kwenye hatari zaidi.

Kwa hiyo anangojewa. Uvimbe unazidi siku mbili tatu za kwanza, mguu unafungwa bamba la plasta la nyuma, siyo muhogo wa kuzunguka mguu mzima maana utambana, unainuliwa usawa wa moyo au juu kidogo, barafu ikiwepo inawekwa juu ya kitambaa. Malengelenge yakitoka usiyapasue nyumbani. Yenye maji meupe ni ya juujuu, yenye damu yana maana ngozi imeumia ndani zaidi na hapo tunasubiri mpaka iote ngozi mpya. Kila asubuhi daktari anakunja unyayo juu na kuulaza kwa nje, anaangalia ngozi ya ubavuni, ikijikunja ikatoa makunyanzi basi uvimbe umeondoka, ikibaki inang'aa imekaza kama jana anafunika anaondoka. Mara nyingi makunyanzi yanarudi kati ya siku 7 na 14.

Kuhusu hofu yako ya kuunga vibaya, iko sahihi ila ina muda wake. Mpaka kama wiki tatu vipande bado vinasogezeka. Ikipita hapo mfupa mchanga umeshavishika na kuvirudisha ni kama kuvunja upya. Sikuhizi wapo wanaotumia mkato mdogo tu chini ya fundo la nje, sentimita chache, na huo unavumilia uvimbe kidogo kwa hiyo wanaweza kuingia mapema zaidi, ila siyo kila mvunjiko unafaa.

Halafu yapo ya kukimbilia siku hiyohiyo. Mfupa ukitoboa ngozi. Au kipande cha nyuma kikivutwa juu na kano nene ya kisigino kikaisukuma ngozi ya nyuma mpaka ikawa nyeupe, hiyo ni masaa siyo siku, ngozi itakufa. Au maumivu makali yasiyolingana na dawa alizopewa, akinyooshwa vidole vya mguu anapiga kelele, shinikizo limepanda ndani ya unyayo. Na tafadhali muulizeni mgongo, aliyeangukia visigino mara nyingine kavunjika na uti wa mgongo na hasemi kwa sababu mguu unauma zaidi.

Tuje kwenye jointi kusumbua baadaye. Daktari anaweza kupanga mfupa vizuri mpaka picha ikapendeza, lakini gegedu lile la kulainisha jointi lilipondwa sekunde ile anatua chini, na chembe zake nyingine zinakufa hata kama zimerudishwa mahali pake. Ongeza na kijingazi cha milimita moja mbili kilichobaki kati ya kipande na kipande, kila hatua inasaga hapohapo. Sanders mwenyewe alifuatilia wagonjwa wake aliowapasua kwa miaka 10 hadi 20, wa aina ya II kama 19 kwa 100 waliishia kugandishwa jointi, yaani talasi na kisigino kuunganishwa viwe mfupa mmoja usiocheza tena, wa aina ya III ikawa 47 kwa 100. Na hao walipasuliwa na mtu aliyebobea kabisa.

Ndo maana pia kuna ubishi kama kila mtu apasuliwe. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2014 ulichukua wagonjwa 151, nusu wakapasuliwa nusu hawakupasuliwa, baada ya miaka miwili maumivu na utembeaji havikupishana, ila waliopasuliwa walipata matatizo 23 kwa 100 dhidi ya 4. Lakini waliacha nje wale ambao kisigino kimeharibika umbo kabisa. Mimi naona hoja nzito ya kupasua siyo ahadi ya jointi isiyouma, ni umbo. Kisigino kikirudishwa urefu na upana wake viatu vinaingia, kano za ubavuni hazibanwi, na siku jointi ikichoka kuigandisha kunakuwa rahisi, skrubu mbili kubwa zinatosha. Kikiachwa kimebonyea, siku hiyo daktari anatakiwa kukata kipande cha mfupa wa nyonga akiingize katikati kuinua kimo. Kwa aina ya IV wengine wanagandisha palepale kwenye oparesheni ya kwanza, wanaona hakuna cha kuokoa.

Utaijuaje ikianza? Sakafuni anatembea vizuri, ila kwenye kokoto, matuta ya shamba au mteremko anaumwa chini ya fundo la nje, na unyayo haulali tena kwa ndani na nje. Sasa kuna tatizo lingine linalofanana na hili, kano za ubavuni kubanwa kati ya kisigino kilichotanuka na lile fundo, na matibabu yake ni tofauti. Kutenganisha, daktari anachoma ganzi ndani ya jointi yenyewe halafu anamwambia atembee koridoni. Maumivu yakipotea kwa lile lisaa, ni jointi. Yakibaki, watafute kwenye kano.

Kabla ya kugandisha wanajaribu kiatu kigumu kinachofunika kifundo, dawa za maumivu, sindano ya steroidi ambayo inasaidia kwa muda. Ikigandishwa, mguu bado unakunja juu na chini kwa sababu ile jointi ya kifundo haijaguswa, anachopoteza ni kule kulaza unyayo, kwa hiyo chini ataweza kazi ila kusimama juu ya kenchi mbao ya inchi mbili itakuwa shughuli. Na kama anavuta sigara aache kabla, maana mifupa ya wavutaji inakataa kushikana na hapo unarudi tiata kwa jambo lilelile.