Kitufe cha dharura kwenye PLC: 1 haimaanishi kimebonyezwa

"Maelezo yaliyo kwenye programu ya ngazi ya PLC, kompyuta inayoendesha mashine, ni maneno tu. Si nitafsiri kilichoandikwa, basi?"

Hapana, anza na mchoro wa waya. Kwa kawaida kitufe cha dharura hupitisha umeme kikiwa hakijabonyezwa. Kwa hiyo anwani ya ingizo lake, `I0.0`, ikisoma 1, kitufe kimeachiwa. Ikisoma 0, kimebonyezwa au waya umekatika. Ukitafsiri maelezo ya ingizo hilo, `E-STOP`, kuwa "kitufe cha dharura kimebonyezwa", opereta atasoma kinyume cha hali halisi, na hilo ni hatari kweli. Mimi huandika: "1 = kitufe kimeachiwa na waya ni mzima." Ujumbe wa hitilafu nao utaje sababu zote mbili: "Kitufe cha dharura kimebonyezwa au waya umekatika. Kagua `I0.0`." Anwani iache ilivyo, maana fundi ataitafuta hiyohiyo kwenye mchoro.